Barua ya Udhamini Kutoka Masakta: Taja Watu, Taja Faida, Taja Shilingi

  

Jioni ya leo mazungumzo yetu ni juu ya barua. Ni ile barua ambayo kamati ya vijana, au ya shule, au ya michezo ya kata, huiandikia kampuni kuomba udhamini wa shughuli ya watu wote. Barua hizi zinaandikwa nyingi sana, na nyingi hazijibiwi. Kwa nini? Naomba usikilize sentensi moja ambayo bila shaka umewahi kuisikia: “Tunaomba mtusaidie kwa chochote mtakachojaliwa.”

Ni sentensi yenye adabu. Kwenye harambee ya kanisani, au unapowaendea majirani kwa ajili ya msiba, ndivyo tunavyosema, na watu wanaelewa. Lakini jiweke kwenye kiti cha meneja wa tawi. Barua imefika mezani. Ili fedha itoke, yeye naye lazima aandike kwenda juu, na kule juu wanataka kiasi. Ataandika kiasi gani? Wewe hukumwambia. Atakadiria? Akikadiria vibaya ataulizwa yeye. Kwa hiyo barua inawekwa pembeni, na hapo pembeni ndipo inapokaa mpaka shughuli inapita.

Kwa hiyo nitashikilia mambo matatu, na nitayarudia: barua itaje watu watakaofikiwa, itaje faida ambayo kampuni itapata, na itaje kiasi kamili cha shilingi. Watu, faida, shilingi.

Tuchukue mfano. Nautunga mimi, lakini kila kitu ndani yake kinaweza kufanyika hapa kwetu Masakta. Tuseme vijana wa kata wanataka kuandaa mashindano ya mbio: kilometa 10 kwa wakubwa, wanaume na wanawake, na kilometa 3 kwa wanafunzi. Nimechagua mbio kwa sababu nchi yetu hii ya juu ni nchi ya wakimbiaji. Mzee John Stephen Akhwari, yule aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Meksiko mwaka 1968 akiwa ameumia goti, ni wa Mbulu. Gidamis Shahanga, aliyechukua dhahabu ya marathoni kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978, kisha dhahabu ya mita 10,000 kule Brisbane mwaka 1982, ni wa Hanang. Historia hiyo ni yetu na inafaa kutajwa kwenye barua kwa sentensi moja. Ila tahadhari: kutaja historia ni jambo moja, na kuweka picha ya mwanariadha kwenye bango la kampuni bila ridhaa yake ni jambo jingine kabisa. Hilo la pili msilifanye.

Sasa, kabla ya kushika kalamu, ipo kazi ya kwanza: mnamwandikia nani, na kwa ajili ya siku gani? Mambo haya mawili yanakwenda pamoja. Kampuni ya mbegu inataka kukutana na mkulima kabla hajanunua mbegu, yaani miezi ile ya kusubiri mvua, Oktoba na Novemba. Benki inamtaka mkulima mahindi na maharage yakishauzwa, fedha ikiwa mkononi. Kampuni ya simu inawataka vijana wakati wowote, lakini hapo kagueni kwanza jambo dogo: je, mtandao wake unashika pale uwanjani? Mtawaitaje waje kusajili laini mahali ambapo simu haipati hata alama moja?

Tuseme vijana wetu wamechagua benki, na wamechagua Jumamosi moja ya mwisho wa Agosti, mavuno yakiwa yameingia na ardhi ikiwa kavu. Mbona si mwanzoni mwa Agosti? Kwa sababu mwanzoni mwa Agosti kuna Nanenane. Maonyesho ya kanda yetu, Arusha, Kilimanjaro na Manyara, hufanyika viwanja vya Themi kule Njiro, Arusha, na maofisa wengi wa mauzo wa mabenki na wa makampuni ya pembejeo wanakuwa huko. Ukipanga shughuli siku zile, hata kampuni inayokupenda haina mtu wa kumleta.

Na barua itoke lini? Mapema. Kwa shughuli ya mwisho wa Agosti, mimi ningeipeleka Machi, au Aprili kwa kuchelewa sana. Meneja wa tawi kwa kawaida ana kiasi kidogo anachoweza kuidhinisha mwenyewe. Kikizidi, barua inapanda kanda, halafu makao makuu Dar es Salaam, na kila ngazi ina foleni yake. Barua inayofika wiki mbili kabla ya mbio haina muda wa kupanda hizo ngazi.

Haya, tuje kwenye jambo letu la kwanza: watu.

Kamati nyingi huandika hivi: “Tunatarajia kuwafikia watu 10,000.” Umezipata wapi hizo 10,000? Masakta ni kata, si jiji. Idadi ya wakazi wa kila kata ilitolewa baada ya sensa ya mwaka 2022, na ofisi ya mtendaji wa kata itakusaidia kuipata. Anza na namba hiyo, maana hata meneja anaweza kuitafuta. Ukimwambia watu watakaokuja uwanjani ni sawa na kata nzima pamoja na watoto wachanga na wagonjwa, umeshapoteza imani yake kwenye ukurasa wa kwanza, na hayo mengine mazuri uliyoandika chini hatayasoma kwa moyo.

Namba nzuri ni ile inayoonyesha imetoka wapi. Vijana wetu wa mfano wanaandika hivi: wakimbiaji 200 waliosajiliwa, wanafunzi 600 kutoka shule nne, ambazo walimu wakuu wake wamekubali kwa barua kuwaleta, na wananchi wengine 700. Jumla 1,500. Hao 200 wa kwanza wana daftari la usajili. Hao 600 wana barua za walimu wakuu. Lakini wale 700 wanajulikanaje, na uwanja wa kijiji hauna geti wala tiketi?

Hapo ndipo penye kazi. Mnapokuwa na shughuli nyingine kabla ya hii, hata fainali ya mpira ya kata, hesabuni watu. Njia ni rahisi. Watazamaji wakishatulia pembeni ya uwanja, hesabu waliosimama kwenye kipande cha kamba cha meta 10. Hesabu vipande vitatu tofauti: pale penye wengi, pale penye wachache, na pale pa wastani. Tafuta wastani wa hivyo vitatu, kisha uzidishe kwa idadi ya vipande vyote vinavyozunguka uwanja. Fanyeni hivyo mara mbili, mwanzo wa mchezo na katikati, mwandike saa na tarehe. Pigeni picha kutoka juu, hata juu ya bodi la lori. Karatasi hiyo ikiambatishwa kwenye barua, yale makadirio ya 700 yanakuwa na miguu ya kusimamia.

Kisha sema hao watu ni akina nani. Kwa benki, mtoto wa darasa la tatu si mteja wa leo. Kwa hiyo usiifiche ile 600 ndani ya jumla. Iseme wazi: watu wazima ni takriban 900, wengi wao wakulima wa mahindi, maharage, ngano na mbaazi, na wafugaji. Meneja akiona umemtenganishia mwenyewe watoto na watu wazima, atakuamini hata pale ambapo hawezi kuhakikisha. Na tangazo mtakalolirusha redioni msilichanganye na watu wa uwanjani. Liandikeni peke yake: matangazo mangapi, siku zipi, kituo kipi. Msijumlishe wasikilizaji wa redio na watazamaji wa mbio kama vile ni kundi moja.

Nimesema watu. Sasa faida.

Hapa kuna jambo ambalo kamati nyingi hazilijui, nalo linabadilisha barua nzima. Kwenye kampuni kubwa, fedha ya msaada kwa jamii na fedha ya matangazo hukaa mifuko miwili tofauti, na mara nyingi chini ya maofisa wawili tofauti. Hata sheria ya kodi inaziangalia tofauti. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, mchango wa hisani unaokubaliwa kuondolewa kwenye mapato ya biashara kabla ya kodi una kikomo cha asilimia 2 ya mapato hayo. Gharama halisi ya kutangaza biashara yenyewe ni gharama ya biashara kama mshahara au mafuta ya gari. Kwa hiyo ukiomba kama mtu anayeomba sadaka, unagonga mlango wa ule mfuko wenye kikomo, ambao pia unagongwa na shule, zahanati na vituo vya yatima. Ukileta pendekezo la udhamini lenye faida zinazoonekana, unaweza kugonga mlango wa masoko.

Faida gani basi Masakta inaweza kutoa kwa kweli? Msiahidi televisheni. Hamna mkataba na televisheni yoyote. Ahidini vitu vilivyo mikononi mwenu. Namba ya kifuani ya kila mkimbiaji, yote 200, iwe na nembo ya benki. Bango moja pale pa kuanzia na pale pa kumalizia, mahali ambapo kila picha ya mshindi itapigwa. Meza na kivuli kwa ajili ya maofisa wa benki kufungulia watu akaunti kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Na dakika kumi za kipaza sauti, wakati wa kusubiri matokeo, ambao ndio wakati watu wametulia wanasikiliza.

Na hapa nina jambo moja ambalo sisi tunalo na kampuni ya Dar es Salaam haina. Ni lugha. Mpeni meneja mtu wa kuyasema maelezo yake kwa Kiiraqw, na mwingine wa kuyasema kwa Kidatooga, baada ya Kiswahili. Yupo mama pale uwanjani mwenye ng'ombe na shamba ambaye Kiswahili cha benki, na maneno yake ya riba na dhamana, kinampita. Mkimfikishia ujumbe kwa lugha ya nyumbani, hiyo ni faida ambayo bango la barabarani haliwezi kuitoa. Iandikeni kwenye barua.

Faida nyingine kubwa ni upekee. Mkiahidi benki hii kwamba haitakuwepo benki nyingine siku ile, basi isiwepo, hata ikija na fedha zaidi wiki ya mwisho. Lakini ahadi hiyo haiwazuii kumtafuta mdhamini wa aina nyingine. Tazama Kilimanjaro Marathoni kule Moshi, iliyoanza mwaka 2003. Kwa miaka mingi mbio ndefu za kilometa 42 zilibeba jina la bia ya Kilimanjaro, na zile za kilometa 21 jina la kampuni ya simu ya Tigo. Bia na simu hawagombei mteja mmoja kwa bidhaa moja, ndiyo maana wakakaa uwanja mmoja. Vijana wa Masakta nao wanaweza kuipa benki kilometa 10, na muuza maji akabeba kilometa 3 za wanafunzi kwa kuleta maji yenyewe. Bia ningeiacha kabisa hapa. Pana wanafunzi 600 uwanjani, na hilo kwangu halina mjadala.

Mabenki yenyewe yameonyesha kwamba mbio zinawafaa. CRDB ilianza marathoni yake mwaka 2020 na kuielekeza kwenye matibabu ya watoto wenye magonjwa ya moyo. NMB ikafuata mwaka 2021 kwa ajili ya kina mama wenye fistula. Ukiziangalia utaona kila moja ina sababu moja inayoeleweka, na mtu akiulizwa anakimbilia nini anajibu kwa sentensi moja. Vijana wetu wa mfano nao waandike sababu yao kwa sentensi moja: kupata wakimbiaji wa kata watakaopelekwa kwenye mashindano ya wilaya.

Watu tumesema, faida tumesema. Zimebaki shilingi, na hapa ndipo wengi tunaona haya.

Msione haya. Kiasi hakitoki hewani, kinatoka kwenye bajeti. Vijana wetu wamekaa na kuandika kila kitu: zawadi za washindi, wanawake sawa na wanaume, shilingi 640,000; namba za vifuani 300,000; maji na glukosi 250,000; mhudumu wa afya na mafuta ya gari la wagonjwa 260,000; kukodi spika na jenereta 300,000; posho za waamuzi na wasimamizi wa njia 240,000; matangazo ya redio na mabango 310,000; vyoo na ulinzi 100,000. Jumla ni shilingi 2,400,000. Viingilio vya wakimbiaji na michango ya wananchi vitaleta 600,000. Upungufu ni 1,800,000. Basi kiasi kinachoombwa ni hicho hicho, 1,800,000. Wasiandike milioni mbili ili iwe namba ya duara, wala wasiandike milioni tano wakitegemea kupunguziwa. Meneja atajumlisha. Akikuta bajeti na ombi havilingani, atauliza tofauti inakwenda wapi, na hilo swali halina jibu zuri.

Sasa gawa. Shilingi 1,800,000 kwa watu 1,500 ni shilingi 1,200 kwa kila mtu. Kwa watu wazima 900 peke yao ni shilingi 2,000. Mwandikie meneja namba hizo zote mbili. Yeye anajua benki yake hutumia kiasi gani kumpata mteja mmoja mpya. Atalinganisha mwenyewe, wala hahitaji wewe umwambie kwamba ni bei nafuu.

Na kama hawezi kutoa zote? Mwachie mlango wa pili, lakini nao uwe na kiasi kamili. Kwa mfano: “Benki ikipenda kudhamini zawadi na namba za vifuani peke yake, kiasi ni shilingi 940,000, na faida zitakazobaki ni nembo kwenye namba na bango la pale pa kumalizia.” Umeona? Fedha imepungua, na faida nazo zimepungua. Ukimpa wa 940,000 kila kitu ulichomwahidi wa 1,800,000, hakuna atakayetoa 1,800,000 tena.

Nisikilize jinsi barua inavyoanza. Juu kabisa, baada ya anwani, kwenye ile “Yah” yetu: “Yah: Ombi la udhamini wa shilingi 1,800,000 kwa mashindano ya mbio ya Kata ya Masakta.” Kiasi kipo kwenye kichwa cha barua. Kisha: “Ndugu Meneja, kamati yetu inaandaa mbio zitakazowaleta pamoja watu wapatao 1,500, kati yao watu wazima 900, wengi wakiwa wakulima na wafugaji. Tunaiomba benki yako iwe mdhamini mkuu na benki pekee uwanjani.” Salamu ndefu za kuwatakia afya na mafanikio ya kazi zingoje siku ya kukutana uso kwa uso, maana hapo ndipo mahali pake. Barua iishie kurasa mbili. Bajeti, karatasi ya hesabu ya watu na barua za walimu wakuu ziambatishwe nyuma.

Bado kuna mlango ambapo hata barua nzuri hukwama: fedha itaingia wapi? Makampuni hayatumi udhamini kwenye simu ya mwenyekiti. Yanataka akaunti yenye jina la kikundi, watia saini zaidi ya mmoja, na hati ya usajili wa kikundi. Yanataka pia kuona kwamba shughuli inajulikana: barua imepita kwa mtendaji wa kata, ofisa michezo wa wilaya ana habari, na polisi wameombwa kusaidia pale njia ya mbio inapokatiza barabara. Kama kikundi hakina akaunti, anzeni na hilo leo, kabla ya barua, kwa sababu kufungua akaunti ya kikundi kunadai muhtasari wa kikao na saini za watu ambao siku zote mmoja wao yuko safarini.

Na shughuli ikiisha? Ndani ya wiki mbili mrudieni meneja, kwa mkono, na bahasha ya taarifa. Iwe na idadi ya watu waliokuja kweli, kwa hesabu ile ile ya kamba. Wakiwa 1,100 badala ya 1,500, andikeni 1,100, na mseme kilichotokea, labda kulikuwa na mnada siku hiyo. Iwe na picha tatu au nne ambazo bango lake linaonekana pamoja na watu, maana picha ya bango peke yake kwenye uwanja mtupu haimsaidii. Ziwemo risiti, za mashine ya EFD kwa muuzaji aliyenayo, na za kuandikwa kwa mkono kwa posho. Na kama kwenye mafuta ya gari la wagonjwa zilibaki shilingi 35,000, ziandikwe, na mmuulize azipokee au mziweke kwa ajili ya mbio za mwakani. Meneja huyo naye ana bosi wa Dar es Salaam anayesubiri taarifa, na bahasha yenu ndiyo atakayoituma.

 Wale wenye kamati, kikao cha bajeti kifanyike wiki hii.